Hakimu kasema msiandamane, wao wakaandamana: Birmingham 1963 na swali la lini mtu ana haki ya kuvunja sheria

Kila ikitokea watu wameingia barabarani, hazipiti dakika kumi kabla hujaona watu wawili wanabishana mtandaoni. Mmoja anasema sheria ni sheria, tukianza kuchagua ya kufuata na ya kuacha nchi imekwisha. Mwingine anamjibu kwamba sheria mbovu haistahili kufuatwa, basi. Wote wawili wanaharakisha. Wa kwanza amesahau kwamba kuna sheria zimewahi kuwepo ambazo leo hata yeye angeona aibu kuzitetea, na wa pili hajajiuliza itakuwaje kama jirani yake anayechukia kila anachokipenda yeye naye akisema hivyo hivyo.

Kuna kisa kimoja ambacho ukikifuata taratibu kinafungua fundo zima la hii kitu inayoitwa uasi wa kiraia. Nacho ni cha Birmingham, jimbo la Alabama kule Marekani, mwezi wa nne mwaka 1963. Watu wengi wanajua Martin Luther King alifungwa pale na akaandika barua maarufu akiwa jela. Kilichotokea mahakamani baadaye ndio hakisemwi sana, na kwangu mimi utamu wote uko huko.

Ila kwanza tuelewane tunaongelea nini. Mtu anayekwepa kodi kimyakimya sio muasi wa kiraia, huyo anajali mfuko wake na anaomba Mungu asikamatwe. Anayechukua bunduki kupindua serikali naye sio, maana yeye hataki sheria fulani ibadilike, anataka sistimu yote iondoke. Mwanafalsafa John Rawls mwaka 1971 alitoa maelezo ambayo mpaka leo watu wanaanzia hapo, hata wale wasiokubaliana naye: ni tendo la wazi, la amani, linalotoka kwenye dhamiri, linavunja sheria, na lengo lake ni kubadilisha sheria au sera ya serikali. Yaani unavunja sheria moja huku unakubali kwamba utaratibu mzima wa sheria una haki ya kuwepo. Ndio maana hujifichi.

Na maandamano peke yake sio lazima yawe uasi. Hapa watu wanachanganya sana, hasa huku kwetu. Kenya kwa mfano, ibara ya 37 ya katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka, mradi awe na amani na hana silaha, na sheria inataka polisi wapewe taarifa tu siku 3 hadi 14 kabla. Taarifa. Kibali hakimo. Kwa hiyo wale vijana waliotembea mitaani Juni 2024 kupinga Muswada wa Fedha, kwa kule kutembea kwao tu walikuwa wanatumia katiba, wala hawakuwa wanavunja kitu, hata kama kuna afande alikuwa anapiga kelele kwamba mkusanyiko ni haramu. Kuingia bungeni tarehe 25 na sehemu ya jengo kuchomwa ni habari nyingine, ule moto haukai kwenye uasi wa kiraia kwa maelezo ya Rawls, na risasi zilizoua waandamanaji nazo ni habari ya tatu, mtu akikuchanganyia zote tatu kwenye sentensi moja jua kuna kitu anataka kukuuzia.

Haya, turudi Birmingham.

Mji ule ulikuwa umegawanywa kwa rangi kila mahali, kuanzia shule mpaka vyoo vya madukani mpaka kaunta za kula chakula. Mtu mweusi aliruhusiwa kununua shati dukani lakini sio kukaa kunywa kahawa kwenye duka hilo hilo. Mchungaji Fred Shuttlesworth, mkazi wa pale, alikuwa anapambana tangu 1956, mwaka ambao jimbo la Alabama lilipiga marufuku chama kikubwa cha kutetea haki za weusi, NAACP, na yeye akaanzisha chama kingine haraka haraka. Septemba 1962 wakafanya mazungumzo na wafanyabiashara, wenye maduka wakaahidi kuondoa vibao vya ubaguzi, na viongozi wa weusi wakakubali kusimamisha maandamano. Baadhi ya vibao vikaondolewa. Baada ya muda mfupi vikarudi ukutani.

Ndipo King na wenzake wakaitwa. Mpango ulikuwa mgomo wa kununua na maandamano kipindi cha kuelekea Pasaka, kwa sababu ukitoa Krismasi hicho ndicho kipindi watu wananunua kuliko vyote, na wenye maduka wangeumia mfukoni.

Sasa sheria ya mji, kifungu cha 1159, ilisema ukitaka kuandamana upate kibali, na kamisheni ya mji inaweza kukunyima ikiona kwamba ustawi wa umma, amani, usalama, afya, heshima, utulivu, maadili au hata urahisi wa watu unataka unyimwe. Soma tena hiyo orodha. Hakuna maandamano duniani ambayo huwezi kuyanyima kibali kwa orodha kama hiyo. Tarehe 3 Aprili mwanachama mmoja alitumwa kwenda kuomba kibali kwa kamishna wa usalama, Eugene Connor, yule aliyeitwa Bull, na jibu alilopewa limeandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama: hamtapata kibali Birmingham, mimi nitawaandamanisha mpaka jela ya mji. Shuttlesworth akajaribu tena kwa telegramu tarehe 5. Kajibiwa hapana.

Halafu tarehe 10 usiku mji ukaenda kwa hakimu wa mahakama ya jimbo, Jenkins, ukaomba zuio dhidi ya watu 139 na vyama viwili. Hakimu akatoa zuio bila kusikia upande wa pili hata kidogo, na lugha yake ilikuwa karibu inakopi ile ile ya kifungu cha mji: marufuku kuandamana bila kibali. Zuio likapelekwa moteli walipokuwa wamekaa akina King, saa saba usiku wa kuamkia tarehe 11. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 12.

Wafanye nini? Mwaka mmoja nyuma kule Albany, jimbo la Georgia, King alipewa zuio kama hilo na mahakama ya serikali kuu, akalitii, akasubiri lipingwe kwenye rufaa. Lilitenguliwa baada ya siku chache, ila kasi ya watu ilikuwa imeshapoa na kampeni ile ikaishia bila la maana. Sasa hapa tena, na pesa za dhamana nazo zimeisha, maana yake atakayekamatwa hajulikani atatoka lini. Wakaitisha waandishi wa habari, wakasema hadharani kwamba hawatalitii zuio hili, na wakaeleza kwa nini.

Ijumaa watu 52 wakatoka kanisani. Haya nayo yamo kwenye hukumu, sio hadithi ya mashabiki: walitembea pembeni kwa waenda kwa miguu, wengi wawili wawili, kama mitaa minne hivi, hawakuzuia magari, taa za barabarani walizifuata. Wakakamatwa.

Siku hiyo hiyo wachungaji, maaskofu na rabi, jumla viongozi 8 wa dini wazungu, wakatoa tamko gazetini. Na hawa hawakuwa watu wabaya wa kwenye sinema, ndio maana hoja zao zinauma. Walisema maandamano hayana busara na yamekuja wakati mbaya, mambo yapelekwe mahakamani na mezani. Na kuhusu wakati walikuwa na pointi ya kweli kabisa: tarehe 2 Aprili, siku kumi tu nyuma, mji ulikuwa umepiga kura ya kumchagua meya mpya na Connor alishindwa na Albert Boutwell. Yaani demokrasia ilikuwa inafanya kazi, si ndio? Subirini basi serikali mpya ikae.

Hapa ndipo swali la demokrasia linapobana kweli. Kwenye udikteta ni rahisi, hakuna mlango wa kupitia. Kwenye demokrasia mtu anakwambia milango ipo, kuna kura, kuna mahakama, kuna mbunge, kwa nini uruke ukuta?

Jibu la King kwenye ile barua, iliyoandikwa tarehe 16 Aprili, sio kwamba sheria haina maana. Anasema kwanza kuna hatua zinapaswa kupitiwa: kukusanya ukweli kama dhuluma ipo, kuzungumza, kujiandaa wenyewe moyoni kama tunaweza kupigwa bila kurudisha, ndipo vitendo. Ya kwanza na ya pili zilishafanyika, vibao vile vilikuwa ushahidi. Alafu anatofautisha sheria ya haki na isiyo ya haki kwa vigezo ambavyo unaweza kuvipima, sio hisia tupu. Sheria ambayo wengi wanawawekea wachache lakini wao wenyewe haiwafungi, hiyo ni mbovu. Sheria ambayo wanaofungwa nayo hawakushiriki kuitunga kwa sababu walizuiwa kupiga kura, hiyo nayo. Na Alabama ilikuwa na kaunti ambazo weusi ndio wengi na hakuna hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura, kulikuwa na kodi ya kura, kulikuwa na mitihani ya kusoma ambayo msahihishaji ndiye anaamua nani kafaulu. Sasa ukimwambia mtu wa hivyo asubiri uchaguzi unamwambia asubiri nini hasa? Boutwell na Connor wote walikuwa wa siasa ile ile ya kutenganisha watu, tofauti yao ilikuwa mmoja ni mpole.

Kigezo cha tatu ndicho kinahusu kibali: kuna sheria ambayo ukiisoma haina shida, shida ni inavyotumika. Mji kutaka taarifa ya maandamano si jambo baya, magari yanahitaji kupita. Ila ikitumika kunyamazisha kundi moja tu inakuwa kitu kingine kabisa.

Alafu anaongeza sharti ambalo watu wanaoinukuu barua ile huwa wanaliruka: anayevunja sheria hiyo afanye wazi, kwa upendo, na awe tayari kupokea adhabu.

Sasa pingamizi gumu. Wazungu wa kusini nao walikuwa na sheria wasiyoitaka. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua mwaka 1954 kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, na tarehe 11 Juni 1963, miezi miwili tu baada ya Birmingham, gavana wa Alabama, George Wallace, alisimama mlangoni mwa chuo kikuu cha jimbo kuzuia wanafunzi wawili weusi wasijiandikishe. Alifanya wazi, mbele ya kamera. Hakumpiga mtu. Alisema anafuata dhamiri na katiba anavyoielewa yeye. Ukichukua dhamiri, uwazi na amani peke yake, Wallace anapita mtihani! Na ndio maana mimi sikubaliani na wanaosema uasi wa kiraia ni kufuata dhamiri, basi, wanaishia hapo. Dhamiri kila mtu anayo, hata mbaguzi.

Tofauti ipo sehemu mbili tatu. Wallace alikuwa gavana, dola ya jimbo lote iko mkononi mwake, milango yote ya siasa iko wazi kwake, kwa hiyo hoja ya kufungiwa nje hana. Pili hakuwa anahatarisha chochote, jeshi la akiba la jimbo lilipowekwa chini ya amri ya rais yeye akapisha pembeni siku ile ile, akarudi ofisini kwake na umaarufu umeongezeka. Na la tatu ambalo ndio zito zaidi, alichokuwa anakidai ni wengine wapate haki pungufu. Rawls anasema hivyo kwa lugha yake: uasi wa kiraia unastahili pale panapokuwa na uvunjaji mkubwa na wa wazi wa uhuru ulio sawa kwa wote, njia za kawaida zimejaribiwa zikagonga mwamba, na wanaofanya wamefikiria madhara kama makundi mengine yenye malalamiko sawa nayo yakifanya hivyo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo lazima ufungue mfuko uangalie kinachodaiwa. Huwezi kuukwepa huo mjadala kwa kusema mimi siangalii madai naangalia njia tu.

Haya, mahakamani sasa. Wachungaji 8, King na Shuttlesworth wakiwemo, walihukumiwa kwa kudharau mahakama, siku 5 jela na faini ya dola 50. Wakakata rufaa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 12 Juni 1967, wakati huo Marekani yote imeshabadilika, sheria ya haki za kiraia ya 1964 imeshapita, wakashindwa. Kura 5 kwa 4. Jaji Potter Stewart aliandika kwa niaba ya wengi: inawezekana kabisa kifungu kile cha mji kina matatizo ya kikatiba, inawezekana zuio lenyewe lina kasoro, lakini oda ya hakimu mwenye mamlaka unaitii kwanza ndio unaipinga. Hamkwenda kuomba litenguliwe, mkalivunja, basi hamuwezi kujitetea sasa kwamba lilikuwa batili. King alirudi Birmingham vuli ile akatumikia kifungo chake.

Halafu Machi 1969 ikaja kesi nyingine, ya Shuttlesworth. Maandamano yale yale ya Ijumaa Kuu, watu wale wale 52, mitaa ile ile minne. Ila safari hii kosa lilikuwa kuvunja kifungu cha mji chenyewe, sio zuio la hakimu, na alikuwa amehukumiwa siku 90 za kazi ngumu juu ya faini. Mahakama Kuu ile ile, na mwandishi wa hukumu Stewart yule yule, ikasema kifungu cha 1159 kilivyoandikwa kilimpa kamishna nguvu isiyo na mpaka juu ya uhuru wa kusema, na sheria ya namna hiyo mtu anaweza kuipuuza akaandamana. Hukumu ikafutwa. King hakuiona, alikuwa ameuawa Aprili 1968.

Angalia vizuri kilichotokea. Kwa tendo moja, mtu mmoja, siku moja, Shuttlesworth alikuwa na haki mbele ya sheria ya mji na alikuwa na kosa mbele ya oda ya hakimu iliyokuwa inarudia maneno ya sheria hiyo hiyo. Wanasheria wanaitetea tofauti hii hivi: sheria inatungwa mara moja kwa watu wote na njia ya kuipima mara nyingi ni mtu aivunje ashitakiwe, lakini oda ya hakimu imetolewa kwako wewe kwa jina, na kila mtu akijipa kazi ya kuamua oda ipi ni halali hakutakuwa na mahakama tena, na siku ya pili Wallace naye atafanya hivyo kwa oda za kuchanganya shule. Nayaelewa hayo. Ila majaji wanne waliopinga nao waliona kitu: ukiruhusu hivyo, mji wowote wenye sheria mbovu utakimbilia kwa hakimu rafiki usiku, utapata karatasi yenye sheria ile ile ndani, na kuanzia hapo ubovu wake hauwezi kusemwa. Mimi niko na wale wanne. Zuio la usiku wa kuamkia Alhamisi kuhusu maandamano ya Ijumaa, ukiambiwa nenda kalipinge kwanza, umeshaambiwa usiandamane.

Hapo kuna jambo linalowachanganya wengi, kwamba kama tendo lilikuwa la haki basi adhabu ni dhuluma, na kama adhabu ni halali basi tendo lilikuwa kosa. Sio lazima. King hakwenda kwenye rufaa kwa sababu alidhani hatakiwi kufungwa kamwe, na mwaka 1963 alikaa ndani siku nane kabla dhamana haijapatikana. Kukubali adhabu kunafanya kazi mbili: kunamwonyesha mtazamaji kwamba huyu hatafuti faida yake, na kunaibebesha serikali mzigo wa kumfunga mchungaji kwa kosa la kutembea pembeni mwa barabara. Mzigo ule ulizidi uzito tarehe 2 na 3 Mei walipotoka watoto wa shule kwa mamia na Connor akawafungulia mbwa na mabomba ya zimamoto, picha zikazunguka dunia nzima, na tarehe 10 Mei wafanyabiashara wakakubaliana kufungua kaunta zao. Kuhusu kuwaingiza watoto watu walibishana wakati ule na wanabishana leo, na sio swali dogo, kwa sababu mtoto wa miaka kumi hawezi kusemwa amekubali adhabu kwa maana ile ile ya mchungaji.

Na vigezo hivi vina mwisho wake. Birmingham ilikuwa na uhuru sawa mezani, ni rahisi kwa Rawls kupima. Lakini waulize wanaofunga barabara kwa sababu ya mazingira, au wanaogoma kulipa ushuru wa soko kwa sababu halmashauri haizoi taka. Hao wana kura, hawakufungiwa mlango, wamebishana na walio wengi, wao wakashindwa. Mwanasheria Ronald Dworkin aliwaweka fungu lao: wanaopinga sera kwa kuwa wanaona ni ya kijinga au ya hatari, sio kwa kuwa inawanyima haki, na akasema hao wakitumia njia ya kuwashawishi wengi wafikirie upya inaeleweka, ila wakitumia njia ya kuwabana wengi mpaka wachoke, ni vigumu kuwatetea, kwa sababu wanajipa uamuzi ambao demokrasia imewapa wote. Kwa wa ushuru mimi ningewauliza swali moja kwanza: hizo taka mmeziongelea wapi, kwa nani, na kujibiwa nini. Kama kuna barua na vikao na ahadi zilizorudi ukutani kama vile vibao, tunaanza kuongea. Kama mgomo ndio ilikuwa hatua ya kwanza, walipe.